Kuingia Guangzhou, kutoka Shanghai: yanayosemwa Lubumbashi na ukweli wa tiketi

Mama wengi wa Lubumbashi wanaouza soko la Kenya na mjini kati wanaifahamu njia hii: kuondoka uwanja wa ndege wa Luano, kupita Addis Ababa, kushuka Guangzhou kwa nguo na viatu, halafu kupanda treni hadi Yiwu kutafuta vitu vidogovidogo vya nyumbani, mapambo na vyombo. Yiwu iko karibu zaidi na Shanghai kuliko Guangzhou. Hata hivyo, wengi bado wananunua tiketi ya kwenda na kurudi Guangzhou, na siku ya mwisho wanarudi nyuma safari nzima kwa ajili ya ndege tu. Ninakata tiketi katika ajansi, na sababu wanazonipa za kutotaka kurudi kwa ndege ya kutoka Shanghai ni zilezile kila msimu.

“Ukitoka mji mwingine, bei inakuwa mara mbili.”

Hii ndiyo inayowapotezea watu fedha nyingi kuliko zote. Tiketi ya kwenda na kurudi hupangwa kwa mikono miwili, wa kwenda na wa kurudi, na kila mkono huchukua nusu ya nauli ya kwenda na kurudi ya mji wake. Tuseme, kwa mfano tu, Lubumbashi–Guangzhou kwenda na kurudi ni dola 1,300, na Lubumbashi–Shanghai ni dola 1,500. Ukiingia Guangzhou na kutoka Shanghai, mashine ya kukatia tiketi inachukua nusu ya kwanza, 650, na nusu ya pili, 750. Jumla ni 1,400, kisha kodi za viwanja vya ndege zinabadilika kidogo. Umeongeza dola 100 juu ya tiketi ya Guangzhou peke yake. Sasa hesabu treni ya kurudi kutoka Yiwu hadi Guangzhou, usiku mmoja au miwili ya hoteli, na siku ambayo hukununua kitu. Ile 100 imekwisha kujilipa.

Lakini kuna mpaka. Nauli zote mbili lazima ziwe za kampuni zinazokubali kuunganishwa, na nauli ya promosheni mara nyingine inakataa. Ukiona bei imeruka ghafla, badilisha tarehe ya mkono mmoja. Mara nyingi mkono huo ndio uliobaki na daraja la bei ya juu, na huo mwingine hauna tatizo.

“Basi nitanunua tiketi mbili za kwenda tu, ni kitu kilekile.”

Si kitu kilekile. Kwa kampuni nyingi zinazotoka huku kwetu kwenda mbali, tiketi ya kwenda tu haiuzwi kwa nusu bei. Inaweza kukaribia bei ya kwenda na kurudi. Kwenye tovuti usibonyeze “Aller simple” mara mbili. Bonyeza “Multi-destinations” au “Multi-city”, andika FBM, yaani Lubumbashi, kwenda CAN, yaani Guangzhou, kwenye mstari wa kwanza, na PVG, yaani Shanghai, kwenda FBM kwenye wa pili. Ukienda ajansi, sema wazi: “Tiketi moja, naingia Guangzhou, natoka Shanghai.” Kwenye karatasi, katikati ya safari hizo mbili, unaweza kuona neno ARNK. Usishtuke. Linaonyesha kwamba hapo unasafiri kwa njia yako mwenyewe na hakuna ndege iliyokosekana.

“Afadhali waniwekee na ndege ya Guangzhou–Shanghai humo ndani, nisipoitaka, nitaiacha.”

Hapa ninamsihi mteja akae chini tuzungumze. Ndege zilizo kwenye tiketi moja hutumika kwa mpangilio. Ukiiacha ya katikati bila kuijulisha kampuni, mashine inakuhesabu kuwa hukufika, na ndege zote zinazofuata zinafutwa, pamoja na ile ya kurudi Luano. Utaligundua hilo ukiwa kaunta ya Shanghai, mizigo iko kwenye mizani, na tiketi mpya inauzwa kwa bei ya siku hiyo. Kama unajua utapita Yiwu kwa treni, usinunue ndege hiyo kabisa. Pengo la ARNK halina kuponi, kwa hiyo hakuna cha kufutwa.

Ukibadili mawazo ukiwa Guangzhou, ukaona huendi tena Shanghai, usinyamaze. Piga simu ajansi kabla ndege yako ya kurudi kutoka Shanghai haijaondoka. Tiketi inaweza kuandikwa upya, kama sheria za nauli yako zinaruhusu, kwa faini ya mabadiliko na tofauti ya bei. Saa ya ndege ikipita, faini inaongezeka au haki ya kubadilisha inakwisha.

“Mizigo itanifuata.”

Ile ya kwenye tiketi inakufuata ndani ya ndege tu. Guangzhou unapokea valizi zako, na kuanzia hapo ni wewe na mikono yako hadi kaunta ya Shanghai. Treni za China zinamruhusu mtu mzima kubeba kilo 20, na kwenye treni za kasi urefu, upana na kimo cha mzigo vikijumlishwa visizidi sentimita 130. Tiketi yako ikionyesha 2PC, yaani vipande viwili kwenye ndege, haisaidii kitu stesheni. Wenye uzoefu wanaacha bidhaa za Guangzhou kwa wakala wa mizigo hukohuko, wanasafiri na valizi moja nyepesi, na vipande vyao viwili wanavijaza Yiwu.

Kuna jambo jingine ambalo ramani hailionyeshi vizuri. Treni nyingi za kasi kutoka Yiwu zinaingia stesheni ya Hongqiao, magharibi mwa Shanghai, lakini ndege za Afrika zinaondoka Pudong, mashariki, karibu na bahari. Metro ya mstari wa 2 inaunganisha pande hizo mbili, ila ni zaidi ya saa moja ndani ya mji mkubwa. Ndege ikiwa usiku, toka Yiwu asubuhi, si mchana.

“Viza itakataa, kwa sababu natoka mahali sikuingilia.”

Viza ya China ya kuingia mara moja haiulizi unatoka mji gani, mradi umebaki ndani ya China bara. Hong Kong ndiyo inayowachanganya watu: ina sheria zake za kuingia, na ukienda huko kisha ukataka kurudi Guangzhou, hiyo ni kuingia mara ya pili, na viza ya mara moja imekwisha kazi yake.

“Tuongezee na Dubai, si iko njiani?”

Kwa anayepita Addis Ababa, Dubai haiko njiani. Ndege itakupeleka Shanghai–Addis, Addis–Dubai, Dubai–Addis, kisha Lubumbashi, na mashine inaanza kuhesabu nauli nyingine pembeni. Wengine wanasimama Addis na kununua tiketi tofauti ya Dubai. Inawezekana, ila ukikaa Addis zaidi ya saa 24 inahesabiwa kuwa kituo, na nauli lazima iwe inakiruhusu. Tena utachukua mizigo yako hapo na utahitaji ruhusa ya kuingia Ethiopia. Ndege ya kutoka Dubai ikichelewa, ile ya Lubumbashi haikungojei, kwa kuwa tiketi hizo mbili hazijuani. Anayechagua njia hiyo aweke usiku mzima kati ya kufika Addis na kuondoka kwenda Luano.