Tani 1,800 haziambii msafirishaji chochote: namna ya kuandika tangazo la zabuni ya kusafirisha mazao ya msimu

Kazi yangu ni kuandaa zabuni za usafirishaji kwa niaba ya vyama vya wakulima, na tangazo likinifikia ili nilikague, jicho langu huenda kwanza kwenye sentensi inayotaja kiasi cha mzigo. Mara nyingi husomeka hivi: "Chama kinakaribisha kampuni zenye uwezo kuomba zabuni ya kusafirisha takriban tani 1,800 za nyanya kutoka kituo cha kukusanyia hadi soko kuu, kwa muda wa wiki 12." Baada ya hapo hufuata orodha ndefu ya leseni, bima, cheti cha mlipakodi na dhamana ya zabuni. Vyote hivyo vinahitajika. Lakini ukimpa msafirishaji sentensi ile peke yake, atakuletea bei ya kazi ambayo haipo.

Tufanye hesabu atakayoifanya yeye. Tani 1,800 ukizigawanya kwa wiki 12 unapata tani 150 kwa wiki. Lori lake limesajiliwa kubeba tani 10. Soko liko umbali wa kilomita 300, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi, pamoja na kupakia, kushusha na dereva kupumzika, inakula siku mbili. Lori moja litaenda mara 3 kwa wiki, yaani tani 30. Malori 5 yanatosha. Anaandika bei, anabandika orodha ya magari matano, anafunga bahasha.

Hesabu hiyo ina kasoro mbili, na zote zimetokana na tangazo lenyewe. Ya kwanza ni kwamba nyanya hujaza bodi kabla ya kujaza uzito. Kreti moja ya plastiki inabeba kilo 20. Ukizipanga ngazi sita na kuacha nafasi za hewa katikati, lori hilo la tani 10 linachukua kreti 400, ambazo ni tani 8 za nyanya. Ukimlazimisha aongeze ngazi mbili ili afikishe tani 10, zile za katikati zitafika zimepata joto na soko litazishusha daraja. Kwa hiyo uwezo wa lori moja kwa wiki ni tani 24, wala si 30. Ndiyo maana ninasisitiza tangazo litaje aina ya kreti, uzito wake ikiwa imejaa, na idadi ya ngazi zinazoruhusiwa. Msafirishaji aliyezoea magunia ya mahindi hawezi kuyajua haya kwa kukisia.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Shamba halivuni kwa wastani. Msimu wa mfano huu, ukiufuata wiki kwa wiki, unatoa tani 40, 70, 110, 160, 220, 280, 300, 240, 160, 110, 70 na 40. Jumla ni 1,800 ileile. Ila wiki ya saba inataka malori 13, na wiki ya kwanza inataka mawili tu. Yule mwenye malori matano anaweza kuhamisha tani 120 kwa wiki. Kuanzia wiki ya nne hadi ya tisa atazidiwa kila wiki, na ukijumlisha kinachobaki kituoni katika wiki hizo sita unapata tani 640. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya mavuno ya msimu mzima, na imekwama katika zao ambalo likishaiva halisubiri. Hapo ndipo viongozi wa chama hukimbilia barabarani kutafuta malori ya dharura kwa bei yoyote, huku msafirishaji akilalamika, tena kwa haki, kwamba hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachokiweka kwenye tangazo, kabla ya masharti yoyote ya vyeti, ni jedwali la makadirio ya kila wiki. Makadirio hayo hayatoki hewani. Tarehe za kupandikiza miche zinajulikana, eneo la kila mkulima linajulikana, na daftari la mapokezi la msimu uliopita lipo. Chini ya jedwali ninaandika wazi kwamba ni makadirio, na kwamba chama kitatoa idadi ya kreti za wiki inayofuata kila Alhamisi kabla ya saa 6 mchana, kwa tofauti isiyozidi asilimia 20 juu au chini. Tofauti ikizidi hapo kwa kwenda chini, chama kinalipia lori lililoitwa likakosa mzigo. Ikizidi kwa kwenda juu, msafirishaji haadhibiwi kwa kuchelewesha ile ziada.

Jedwali likishakuwepo, inakuja kazi ya kuamua bei iombwe kwa kipimo gani, na hapa nimeona mabishano mengi. Ukiomba bei kwa safari, msafirishaji hajali lori limejaa au halijajaa. Ataondoka na kreti 180 na wewe utalipa kama za 400. Ukiomba bei kwa kreti iliyofika, anageuka upande wa pili: wiki za mwanzo, mzigo ukiwa mdogo, dereva atakaa kituoni hadi kesho yake akisubiri lori lijae, kwa sababu akiondoka nusu anakula hasara ya mafuta. Nyanya zilizochumwa zikiwa zimeanza kupata rangi zitafika sokoni zimelegea.

Mimi huomba bei kwa kreti iliyofika salama, pamoja na kima cha chini cha malipo kwa safari. Kwa lori la kreti 400, kima ninachopendekeza ni kreti 280. Siku ikiwa na kreti 350, analipwa 350. Siku ikiwa na 180, lori linaondoka saa ileile na analipwa 280. Zile kreti 100 ambazo chama kimezilipia bila kuzisafirisha ndiyo gharama ya kufika sokoni kwa wakati, na ni vizuri gharama hiyo ionekane kwenye karatasi kuliko kufichwa ndani ya bei. Ukinyamaza, mzabuni mwenye uzoefu atajiwekea kinga mwenyewe kwa kupandisha bei ya kila kreti, na utaendelea kuilipia hata wiki ya saba ambapo malori yote yanaondoka yakiwa yamejaa.

Muda wa kusubiri nao unahitaji kipengele chake. Angalia ratiba ya lori moja. Linaingia kituoni saa 7 mchana, linapakia hadi jioni, linaondoka saa 12. Linafika sokoni kama saa 8 usiku, linashusha kuanzia saa 10 alfajiri, na ifikapo saa 3 asubuhi linageuza na kreti tupu. Jioni liko kituoni, dereva analala, kesho yake linapakia tena. Ratiba hiyo haina nafasi ya kupoteza. Wakulima wakichelewa kuleta mzigo na lori likaondoka saa 6 usiku, litakuta foleni ya kushusha, litarudi usiku wa manane na kukosa zamu yake. Likifanya hivyo wiki nzima, safari 3 zinakuwa 2, na tani 24 zinashuka hadi 16. Wiki ya saba sasa inataka malori 19 badala ya 13, bila hata kreti moja kuongezeka.

Kwa sababu hiyo ninaandika saa za bure, kwa mfano saa 5 kituoni na saa 7 sokoni, na kumtaka kila mzabuni ataje bei yake kwa kila saa inayozidi. Ushahidi uwe kwenye hati ya mzigo: saa ya kuingia getini na saa ya kutoka, zikiandikwa na mlinzi na kusainiwa na dereva palepale. Saa zikijazwa baadaye ofisini, kila upande utakuwa na kumbukumbu yake.

Mafuta sitayakalia sana. Kwa msimu wa wiki 12, bei ya dizeli inaweza kupanda au kushuka kiasi cha kumfanya msafirishaji akimbie kazi katikati. Weka kanuni ya kurekebisha bei ndani ya tangazo, ili wazabuni wote waombe kwa msingi mmoja:

```
P = P0 × (0.60 + 0.40 × D / D0)
```

P ni bei iliyorekebishwa, P0 ni bei aliyoomba mzabuni, D0 ni bei ya dizeli siku ya kufunga zabuni, na D ni bei ya mwezi husika. Namba 0.40 ina maana kwamba tumekubaliana sehemu ya mafuta katika gharama ni asilimia 40. Njia yenye milima au barabara ya vumbi inaweza kuhitaji zaidi. Dizeli ikipanda kwa asilimia 15, bei ya kreti inapanda kwa asilimia 6. Ikishuka kwa asilimia 15, bei inashuka kwa 6. Lazima ifanye kazi pande zote mbili, na lazima tangazo litaje bei ya dizeli itasomwa wapi.

Sasa turudi kwenye yale malori 13, maana hapa tangazo zuri linaweza kubadilisha nani anaingia kwenye ushindani. Ukitaka kampuni moja yenye malori 13 kwa wiki zote 12, utapata waombaji wachache sana, na bei yao itabeba magari yanayolala bila kazi wiki za mwanzo na za mwisho. Ninapendekeza kazi igawanywe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni malori 5 kwa msimu mzima, kwa mzigo wa hadi tani 120 kila wiki. Hizo ni tani 1,160. Fungu la pili ni tani 640 za kilele, wiki ya nne hadi ya tisa tu, na linahitaji malori 8 katika wiki ngumu kuliko zote. Kampuni ndogo inaweza kuomba fungu moja. Bei ya fungu la pili itakuwa juu kidogo kwa kreti, na hiyo ni halali, kwa kuwa unamwita mtu wakati ambapo kila mwenye mazao anamtafuta.

Katika kulinganisha maombi ya fungu la pili, bei ninaiangalia mwisho. Kwanza ninataka namba za usajili za magari, kadi ya umiliki au barua ya mwenye gari aliyekodisha, na tamko la kazi nyingine ambazo magari hayohayo yameahidiwa katika wiki hizo sita. Mzabuni akiandika "malori 8 yapo" bila namba, hana malori. Ana matumaini ya kuyapata. Na gari moja likitokea kwenye orodha za wazabuni wawili, jambo ambalo hutokea, wote wawili waandikiwe barua kueleza ni nani hasa anayeliendesha kabla hujampa yeyote alama.

Tangazo lenyewe litoke mapema kiasi cha kuwaachia wazabuni siku 30 za kuandaa maombi, na mkataba uwe umesainiwa angalau wiki nne kabla ya mchumo wa kwanza. Ndani ya wiki hizo nne, mshindi alete lori moja kituoni, mpakie kreti tupu 400 ngazi sita, na mhakikishe zinaenea.