Meno ya sproketi: kuchanganya haraka, spidi ya mwisho na urefu wa cheni

Pikipiki yenye cheni ina sproketi mbili. Ndogo iko mbele, kwenye shafti inayotoka giaboksi, na kubwa iko nyuma, kwenye habu ya tairi. Ukigawa meno ya nyuma kwa meno ya mbele unapata uwiano wa mwisho, yaani idadi ya mara ambazo sproketi ya mbele inazunguka ili tairi lizunguke mara moja. Mtu anayesema "nimebadilisha meno" amebadilisha uwiano huo bila kugusa gia zilizo ndani ya injini, na ndiyo maana kazi hii imependwa: ni rahisi, na ukijuta unarudisha za zamani.

Tuchukue pikipiki ndogo yenye meno 15 mbele na 42 nyuma, ikivaa cheni ya namba 428 yenye pingili 118. 42 gawa kwa 15 ni 2.8. Mwenye pikipiki anabeba mizigo, anapanda milima, na anaona injini inazidiwa. Anataka ichanganye haraka zaidi, kwa hiyo anautaka uwiano uwe 3.0. Kufika hapo ana njia mbili: apunguze jino moja mbele (42 kwa 14) au aongeze matatu nyuma (45 kwa 15). Zote zinatoa 3.0 kamili, na dereva akiwa juu ya kiti hawezi kuzitofautisha. Cheni ndiyo inayozitofautisha, na ndipo wengi wanapokwama.

Kwanza, anapata nini? Nguvu ya kuzungusha inayotoka giaboksi inazidishwa kwa uwiano wa mwisho kabla haijafika kwenye tairi. Kutoka 2.8 hadi 3.0 ni ongezeko la asilimia 7 hivi, katika kila gia na katika kila mzunguko wa injini. Injini yenyewe haijapata nguvu mpya hata kidogo. Inachofanya ni kuzunguka mara nyingi zaidi kwa kila mita ya barabara, kwa hiyo kila mita inapata msukumo mkubwa zaidi. Bei yake inalipwa kwenye spidi. Kama zamani gia ya juu ilitoa kilomita 75 kwa saa injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, sasa mizunguko hiyo hiyo inatoa kilomita 70. Akitaka 75 yake arudishiwe, injini itabidi ifike karibu 6,430. Safari ndefu ya lami itakuwa na kelele zaidi, na mafuta mara nyingi yatakwenda zaidi kidogo.

Hapa watu hurukia hitimisho kwamba sproketi kubwa nyuma hupunguza spidi ya mwisho, na ndogo huiongeza. Si lazima. Spidi ya mwisho inapatikana pale nguvu ya injini inapolingana na upinzani wa upepo, na upepo huongezeka vibaya sana kadiri unavyokimbia. Pikipiki ndogo nyingi, zikiwa na abiria au mzigo, hazifikii kamwe mizunguko ya juu kabisa zikiwa gia ya tano. Ukiiwekea pikipiki kama hiyo meno 16 mbele, uwiano unashuka hadi 2.625, kwenye karatasi spidi imepanda karibu asilimia 7, lakini barabarani injini inakaa chini ya mizunguko yenye nguvu zake na haina cha kuisukumia. Dalili yake haijifichi: ukiwa tano na mafuta yamefunguliwa yote, spidi inagoma, ukirudi nne, inapanda. Pikipiki ya namna hiyo ilihitaji meno ya kuongeza mvuto, na inawezekana ikayapata bila kupoteza spidi yoyote ya kweli. Kinyume chake, kama injini yako tayari inafika mwisho wa mizunguko kwenye gia ya juu na bado inalia, hapo kupunguza uwiano kutakupa spidi halisi.

Sasa cheni. Cheni ya 428 ina nafasi ya milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, na nafasi hiyo moja ndiyo pingili moja. Sproketi inashikwa na cheni karibu nusu ya mzunguko wake, kwa hiyo kila jino unaloongeza, mbele au nyuma, linakula takriban nusu pingili ya cheni. Cheni yenyewe urefu wake haujabadilika, basi nusu pingili hiyo lazima itoke mahali, na inatoka kwenye umbali kati ya sproketi mbili. Cheni ina upande wa juu na wa chini, kila upande unatoa nusu ya hiyo nusu, na matokeo yake ekseli ya nyuma inasogea kama milimita 3 kwa kila jino. Ukiongeza jino inasogea mbele. Ukipunguza inasogea nyuma.

Kwa pikipiki yetu hesabu inakaa hivi. Ikiwa na 15 na 42, cheni mpya ya pingili 118 inaweka ekseli umbali wa milimita 566 hivi kutoka kwenye shafti ya sproketi ya mbele. Ukiweka 14 mbele, ekseli inarudi nyuma milimita 3 tu. Unalegeza, unavuta, unakaza, kazi imekwisha, cheni ni ile ile. Ukiweka 45 nyuma, ekseli inatakiwa iende mbele milimita 10. Hapo sasa unaangalia tundu refu la ekseli kwenye mkono unaoshika tairi la nyuma na kujiuliza kama hiyo nafasi ipo, na kama tairi halitagusa madigadi au mkono wenyewe.

Nafasi isipotosha, cheni inaongezwa. Lakini huwezi kuongeza pingili moja. Pingili za ndani na za nje zinapokezana, na jointi inaunganisha ncha mbili za pingili za ndani, kwa hiyo idadi siku zote ni shufwa: 116, 118, 120. Kuna kipande cha nusu chenye bati zilizopinda kinachoruhusu idadi witiri, nacho ni dhaifu. Kwenye pikipiki kisitumike. Kuongeza pingili mbili kunarudisha ekseli nyuma milimita 12.7 kwa mpigo mmoja. Pikipiki yetu ikiwa na 15, 45 na pingili 120 inakaa kwenye 568, karibu pale pale ilipoanzia. Kwa hiyo anayechagua njia ya nyuma anunue cheni ya 120 pamoja na sproketi, asinunue sproketi peke yake kisha aanze kuhangaika.

Kuna mtego mmoja unaowakamata hata mafundi wazoefu. Mtu anatazama ekseli ilipo leo, anaona ina nafasi tele mbele, anasema 118 itatosha. Anasahau kwamba cheni iliyopo imechakaa. Cheni ikirefuka kwa asilimia 1 tu, cheni yetu ya karibu mita moja na nusu inakuwa imeongezeka milimita 15, na ekseli imesharudishwa nyuma milimita 7 na ushee ili kuikaza. Akifunga cheni mpya pamoja na meno 45, ekseli itatakiwa iende mbele zile 10 na hizi 7 juu yake. Anavuta ncha mbili za cheni zikutane, zinabaki zimeachana, na jointi haiingii. Kabla ya kununua, hesabu safari ya ekseli ukianzia pale ambapo cheni mpya ingeiweka. Na kwa anayepunguza jino mbele mtego uko upande wa pili: ekseli ikiwa tayari iko mwisho wa tundu kwa sababu ya cheni kuukuu, hizo milimita 3 za nyuma hazipo tena. Usiiongezee wala kuipunguzia cheni iliyochakaa. Ilishaacha kulingana na meno mapya, na itayala haraka.

Ukihesabu pingili, hesabu pini zote pamoja na mbili za jointi. Wengine huhesabu bati za nje peke yake, wakapata 59, wakashangaa.

Kwa nini basi mtu achague njia ya nyuma yenye usumbufu wote huo? Kwa sababu sproketi ndogo ya mbele inaitesa cheni. Kila pingili ikipita kwenye meno 14 inakunjwa digrii 25.7, kwenye 15 inakunjwa 24, na kukunjwa huko ndiko kunakokula pini. Isitoshe, kwa msukumo ule ule wa tairi, cheni ya 14 na 42 inavutwa kwa nguvu zaidi kuliko ya 15 na 45, asilimia 7 hivi, kwa sababu sproketi ya nyuma ni ndogo zaidi. Pia kwa meno 14 upande wa juu wa cheni unashuka milimita 2 pale mbele na kuusogelea mpira unaolinda mkono wa tairi. Jino moja si tatizo. Kushuka hadi 13 au 12, hapo ningekataa: mpira unachimbwa mfereji na cheni inatembea kwa kurukaruka. Ukienda upande wa pili, sproketi ya mbele kubwa inaweza kugusa kava lake, kwa hiyo zungusha tairi kwa mkono kabla ya kuwasha.

Ekseli ikishasogea, breki ya dramu inayoendeshwa kwa fito nayo imeharibika mpangilio. Ukienda mbele, pedali inakuwa na mchezo mrefu kabla breki haijashika. Ukirudi nyuma, fito inavutwa na breki inaweza kubaki imeshika huku dramu ikichemka. Rekebisha nati ya fito, hakikisha na taa ya breki inawaka kwa wakati wake. Legevu ya cheni ipimwe katikati ya upande wa chini, ukizungusha tairi hadi sehemu iliyokaza kuliko zote. Pikipiki ndogo nyingi hutaka milimita 20 hadi 30, na kipimo halisi mara nyingi kimebandikwa kwenye mkono wa tairi.

Mita ya spidi inayosomwa kutoka tairi la mbele haitajua kama umebadilisha chochote. Ile inayosomwa kutoka giaboksi itakudanganya: kwa uwiano wa 3.0 itaandika 75 wakati pikipiki inakwenda 70, na kilomita inazohesabu zitazidi kwa kiasi hicho hicho. Kama matengenezo yako yanafuata kilomita za mita hiyo, zigawe kwa 1.07 upate za kweli.