Pombe na kutafuta mtoto: kwa nini kuacha wiki moja kabla ya kipimo hakusaidii

Swali moja tunaulizwa sana kliniki, na anayeuliza karibu kila mara ni mwanaume, ameshasimama anataka kutoka: "Dokta, pombe nimeiacha tangu wiki iliyopita, sasa si majibu yatakuja safi?" Hapana baba, majibu yatakuja yale yale ambayo yangekuja kama usingeacha, na sababu yake ni hesabu tu.

Mbegu ya kiume haitengenezwi asubuhi ikatoka jioni. Kuanzia ile seli mama ndani ya korodani mpaka ipatikane mbegu yenye kichwa na mkia ni kama siku 74 hivi, halafu inaingia kwenye mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya korodani, inakaa humo wiki moja mpaka mbili, na humo ndo inapata uwezo wa kuogelea. Jumlisha, unakaribia miezi mitatu. Kwa hiyo mbegu unayopeleka maabara leo ilianza kutengenezwa miezi mitatu iliyopita, na kama kipindi hicho ulikuwa unapiga mtungi kila wikiendi basi hizo ndo mbegu ulizonazo, utake usitake.

Sasa pombe inafanya nini humo ndani. Kwanza inavuruga amri kutoka kwenye ubongo, maana korodani hazijiendeshi zenyewe, zinasubiri homoni za LH na FSH zinazotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, pombe nyingi ikiwa ya mazoea inazipunguza. Pili inaumiza zile seli za korodani zinazotengeneza testosteroni, yaani homoni ya kiume. Tatu, wakati mwili unaivunja pombe zinazaliwa kemikali kali ambazo zinachubua ngozi laini ya mbegu na hata kuharibu vinasaba vilivyomo kichwani mwake. Na ini likishachoka, estrojeni, homoni ya kike ambayo kwa mwanaume inatakiwa iwe kidogo, inaanza kupanda, ndo unaona mlevi wa miaka mingi anaota matiti na korodani zinasinyaa.

Kiasi gani ni nyingi? Hapa watu wanapenda kujidanganya kwamba "mi nakunywa kidogo tu, wikiendi". Tupige hesabu. Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina kama gramu 20 za kilevi halisi. Konyagi kichupa cha mililita 200, asilimia 35, ina kama gramu 55, yaani unakaribia bia tatu kwenye kichupa kinachoingia mfukoni. Gongo sijui niseme nini, kila mpishi na moto wake, huwezi kujua una gramu ngapi, na mbege au ulanzi wa leo si sawa na wa keshokutwa ukishachacha.

Denmark kuna utafiti uliotoka mwaka 2014, walipima vijana 1,221 waliokuwa wanafanyiwa uchunguzi wa kuingia jeshini, umri miaka 18 mpaka 28, wenye afya zao. Waliona ubora wa mbegu unaanza kushuka kidogo kwa waliokuwa wanazidisha vipimo 5 vya pombe kwa wiki, na unashuka waziwazi zaidi ukipita 25. Kipimo chao kimoja ni gramu 12, kwa hiyo 5 ni kama bia zetu kubwa tatu kwa wiki nzima, na 25 ni kama bia 15. Niwe mkweli, utafiti wa namna hii unaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja, hauthibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine, walevi wengi pia wanavuta sigara na hawalali vizuri. Lakini ukiuweka pamoja na tunachojua kuhusu homoni, picha inaeleweka.

Tuchukue mfano, huu nimeutengeneza mimi ila watu wa aina hii tunao wengi. Mume ana miaka 36, mke 31, wamekaa mwaka na nusu bila kinga na hakuna kitu. Mke ndo ameshazungushwa hospitali, kapigwa ultrasaundi, kapewa vidonge, mama mkwe kashaleta mizizi, na mume hajapimwa hata mara moja kwa sababu "mbona mi niko fiti". Hili linaniudhi kidogo, maana kwenye karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto mwanaume ana mchango wake, na kipimo chake ni rahisi kuliko vyote alivyopitia mkewe. Halafu nguvu za kiume na mbegu ni vitu viwili tofauti kabisa. Hata wingi wa majimaji haukwambii kitu, sehemu kubwa ya manii ni maji ya tezi tu, mbegu zenyewe ni asilimia chache, hazionekani kwa macho.

Ijumaa anakunywa bia nne, Jumamosi sita, Jumapili nne wakati wa mpira na kile kichupa cha konyagi juu yake. Bia 14 ni gramu 280, ongeza 55, unapata 335, gawa kwa 12 ni kama vipimo 28. Katikati ya wiki hagusi, anajiona mstaarabu, lakini kwa hesabu ameshapita pale Wadenmark walipoona shida inakuwa wazi.

Akapima. Majibu: ujazo mililita 2, mbegu milioni 9 kwa mililita, zinazoogelea kwenda mbele asilimia 18, zenye umbo zuri asilimia 2. Mwongozo wa WHO wa 2021 unaweka mstari wa chini kwenye milioni 16 kwa mililita, asilimia 30 zinazoenda mbele na asilimia 4 zenye umbo zuri. Yuko chini kote. Hii haimaanishi hawezi kuzalisha, wapo wenye namba hizi wanapata mtoto, ila uwezekano kila mwezi unapungua na mwaka unakatika.

Tungemwambia nini? Usianze kununua dawa. Rudia kipimo kwanza, kwa sababu kimoja hakitoshi, namba za mwanaume huyo huyo zinapanda na kushuka hata bila pombe. Kaa siku 2 mpaka 7 bila kutoa manii, toa kwenye kikopo cha maabara na sio kwenye kondomu (mafuta yake yanaua mbegu), na kama umetolea nyumbani kifike ndani ya saa moja kikiwa karibu na mwili, sio kwenye mfuko wa boda unaopigwa upepo. Na useme kama umeumwa malaria au homa kali miezi mitatu iliyopita, maana homa nayo inashusha mbegu na usipoitaja tutailaumu pombe bure. Kikirudi kibaya tena, acha pombe kabisa, hesabu miezi mitatu kamili kuanzia siku ya mwisho kunywa, pima tena.

Je zinarudi? Kwa wengi ndiyo, kama tatizo lilikuwa pombe. Kuna mgonjwa aliyeandikwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 2010, madaktari wa Ufaransa walimfuatilia miaka mingi wakiona mbegu zinapungua mpaka zikawa sifuri kabisa, wakakata kipande cha korodani wakakuta utengenezaji umesimama njiani, akaacha pombe, baada ya miezi mitatu kipimo kikawa cha kawaida. Ni mtu mmoja, usimfanye ahadi. Mwingine anaacha na namba hazisogei, huyo anatakiwa kukaguliwa na daktari wa mfumo wa mkojo kama ana mishipa iliyovimba kwenye korodani au shida ya homoni, sio kuambiwa anakunywa kwa siri. Na tafadhali usichome sindano za testosteroni ukidhani unasaidia, zile zinaufanya ubongo uone homoni zimejaa, unakata amri, korodani zinaacha kutengeneza mbegu.

Kwa mama hesabu ni nyingine. Mayai hayatengenezwi upya, anazaliwa nayo yote. Shida ya pombe kwake iko zaidi kwenye kupevuka, yaani yai linahitaji LH ipande ghafla ndo litoke, na pombe nyingi inaweza kuvuruga hiyo mipando, inapandisha prolaktini, ile homoni ya maziwa, na kuchezea estrojeni, matokeo yake yai linachelewa au mwezi huo halitoki, au linatoka lakini projesteroni, homoni inayoandaa mfuko wa uzazi kupokea mimba, inakuwa hafifu. Denmark hao hao mwaka 2016 walifuatilia wanawake zaidi ya 6,000 wanaotafuta mimba, waliokunywa vinywaji 14 au zaidi kwa wiki uwezekano wao ulikuwa chini kwa kama asilimia 18, ila waliofika kiwango hicho walikuwa wachache kwa hiyo namba yenyewe sio ya kuapia, na chini ya hapo hawakuona tofauti ya maana.

Utajuaje kama yai linatoka? Angalia mzunguko. Ukiwa siku 27, 29, 28 unatabirika hivi, mara nyingi yai linatoka. Ukiwa 26 mwezi huu, 41 ujao, halafu hamna, kuna kitu, na pombe ni sababu moja tu kati ya nyingi. Kipimo cha projesteroni kinachukuliwa siku 7 kabla ya hedhi inayotegemewa, na hapa kuna kosa naliona sana: watu wameandikiwa "siku ya 21" na wote wanapimwa siku ya 21. Hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Wa siku 35 yai lake linatoka karibu siku ya 21 yenyewe, ukimpima siku hiyo homoni bado iko chini, anaambiwa hapevushi mayai wakati anapevusha vizuri tu. Yeye apimwe siku ya 28.

Halafu zile wiki mbili baada ya yai kutoka, mama anaweza kuwa na mimba hajui. Hakuna kiwango cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto tumboni, ndo maana kwa wanawake tunasema acha kabisa tangu mnapoanza kutafuta, sio ukishaona mistari miwili.

Jambo la mwisho ni kwa wale wanaokunywa kila siku. Kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kidogo ndo utulie, usiache ghafla nyumbani eti kwa ajili ya mtoto. Kuacha kwa mkupuo kwa mwili uliozoea kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa, na watu wanakufa. Nenda hospitali ukaseme unakunywa kiasi gani na mara ya mwisho ni lini, utashushwa taratibu kwa dawa na vitamini B1 chini ya uangalizi, na ile miezi mitatu ya mbegu itaanza kuhesabiwa kuanzia hapo.