Gemu inajifunga yenyewe? Angalia kidole gumba

Mpwa wangu hapa Jinja hucheza gemu ya mpira akiwa ameilaza simu. Juzi, dakika ya 88, aliburuta kidole gumba cha kushoto ili mchezaji wake akimbie, mara gemu ikasimama na kumuuliza kama anataka kutoka.

Dhana: gemu ni mbovu.

Hapana. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, simu nyingi huendeshwa kwa ishara za vidole badala ya vitufe vitatu. Ukiburuta kidole kutoka ukingo wa kushoto au wa kulia kuelekea ndani, unarudi nyuma. Ukipandisha kidole kutoka chini, unatoka kwenda skrini ya mwanzo. Nilimwomba arudie ule mchezo polepole, nikaona mshale mdogo ukichomoza ukingoni chini ya kidole chake. Ukiuona mshale huo, jua simu imeelewa "rudi".

Dhana: ukiibandika gemu kwenye skrini, hakuna kitakachokutoa.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa ni kweli nusu tu. Washa "App pinning" ndani ya mipangilio ya usalama (kwenye Samsung huitwa "Pin app"). Fungua gemu, pandisha kidole kutoka chini ukishikilie kidogo, gusa ikoni iliyo juu ya kadi ya gemu, kisha "Pin". Kuanzia hapo huwezi kuponyokea skrini ya mwanzo wala programu nyingine. Ukimpa mtoto simu, washa pia sharti la PIN wakati wa kubandua.

Lakini ishara ya kurudi nyuma bado huifikia gemu yenyewe. Mpwa wangu alibandika, akacheza, na lile swali la kutoka likamtokea tena. Kubandika kulifunga mlango wa chini, yeye alikuwa akipita wa pembeni.

Dhana: ukingo hauwezi kurekebishwa.

Unaweza. Kwenye baadhi ya simu fuata Settings, System, Gestures, Navigation mode, kisha gusa alama ya gia kando ya "Gesture navigation". Kwenye "Back sensitivity", sogeza "Left edge" hadi "Low". Ukanda unaosikia ishara unakuwa mwembamba, ila hautoweki. Kwa hiyo tulimwekea pia kitufe cha kukimbizia mchezaji ndani zaidi, upana wa kidole kimoja kutoka ukingoni, kwa kuwa gemu yake inaruhusu kuhamisha vitufe. Alimaliza mechi mbili bila mshale kutokea.

Ikikataa bado, rudi kwenye "3-button navigation" unapocheza. Ukingo hautakuwa na ishara tena. Na siku ya kubandua, ukitumia ishara, pandisha kidole kutoka chini ukishikilie. Ukitumia vitufe vitatu, shikilia cha kurudi na cha programu za karibuni kwa pamoja.