Kura yenye uzito: namna gemu inavyoamua nini kitoke kwenye kasha

Mchezaji akifungua kasha au akimwangusha adui, gemu inatakiwa iamue papo hapo atapata nini: sarafu, chupa ya dawa, ngao, au pete ambayo kila mtu anaitafuta. Haiwezi kuchagua kwa usawa, maana pete ingekuwa inatoka mara nyingi kama sarafu na isingekuwa na thamani tena. Kwa hiyo kila kitu hupewa uzito, na kura hupigwa kwa namna ambayo kitu chenye uzito mkubwa hutoka mara nyingi kuliko chenye uzito mdogo. Hiyo ndiyo kura yenye uzito. Msimbo wake ni mfupi sana, mistari saba au minane tu, na kwa sababu ni mfupi watu wengi huuandika bila kuukagua, kumbe umekosewa.

Tuchukue kasha moja na tukae nalo mpaka mwisho. Sarafu ina uzito wa 50, dawa 20, ngao 8 na pete 2. Jumla ni 80. Nimeepuka makusudi jumla ya 100, kwa sababu uzito si asilimia. Namba 2 peke yake haisemi chochote kuhusu pete. Uwezekano wake unapatikana ukigawanya uzito wake kwa jumla: 2 kwa 80, yaani asilimia 2.5. Ngao ni asilimia 10, dawa 25, na sarafu 62.5.

Faida ya kutumia uzito badala ya asilimia inaonekana siku unapoongeza kitu kipya. Ukiingiza upanga wenye uzito wa 20, jumla inakuwa 100 na hesabu zote zinajipanga zenyewe, huhitaji kurekebisha mstari mwingine wowote. Ila ujue kwamba pete imeshuka kutoka asilimia 2.5 hadi 2 bila mtu kuigusa. Vivyo hivyo, ukimpa mchezaji hirizi inayozidisha uzito wa pete mara mbili, uwezekano hauwi asilimia 5 kamili: ni 4 kwa 82, yaani karibu asilimia 4.9. Kwenye kasha hili tofauti ni ndogo. Kwenye kasha ambalo pete ina nusu ya uzito wote, kuzidisha mara mbili kunaitoa asilimia 50 na kuifikisha 67 tu, wala si 100.

Sasa kura yenyewe. Chora ukanda wa vyumba 80, uvihesabu kuanzia 0 hadi 79. Sarafu inachukua vyumba 50 vya kwanza, 0 hadi 49. Dawa inafuata, 50 hadi 69. Ngao ina 70 hadi 77, na pete ina vyumba viwili vya mwisho, 78 na 79. Unapiga kura mara moja tu, unapata namba ya chumba, na mwenye chumba ndiye anayetoka. Kwa Python inaandikwa hivi:

```python
import random

def mwenye(kura, vitu):
    for jina, uzito in vitu:
        if kura < uzito:
            return jina
        kura -= uzito

def chagua(vitu):
    jumla = sum(uzito for _, uzito in vitu)
    return mwenye(random.randrange(jumla), vitu)
```

Tuseme kura imeangukia 73. Je, ni ndogo kuliko 50? Hapana, kwa hiyo toa 50, zinabaki 23. Je, 23 ni ndogo kuliko 20 ya dawa? Hapana, toa 20, zinabaki 3. Na 3 ni ndogo kuliko 8, basi ni ngao. Ukiangalia kwenye ukanda, chumba cha 73 kweli ni cha ngao. Mpangilio wa vitu haubadilishi uwezekano wa kitu chochote, kwa hiyo huna haja ya kuvipanga kuanzia kikubwa hadi kidogo, ingawa kukiweka mbele chenye uzito mkubwa huipunguzia programu hatua.

Kosa la kwanza ninalotaka tulitazame kwa makini ni la alama moja tu: kuandika `<=` mahali pa `<`. Gemu haitakwama, hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaotokea, na vitu vyote vinne vitaendelea kutoka. Lakini hesabu vyumba upya. Sarafu sasa inachukua 0 hadi 50, vyumba 51. Dawa inabaki na vyumba 20, kuanzia 51 hadi 70. Ngao ina 8, kuanzia 71 hadi 78. Pete imebakiwa na chumba kimoja, cha 79. Sarafu imejiongezea kidogo sana, hakuna atakayegundua, lakini uwezekano wa pete umekatwa nusu, kutoka asilimia 2.5 hadi 1.25. Hasara yote imekiangukia kitu cha mwisho kwenye orodha, na kwa kawaida watu hukiweka mwisho kitu adimu. Alama hiyo hiyo inaleta tatizo jingine kama kitu cha kwanza kina uzito wa 0, yaani umekizima kwa muda: kura ikiwa 0, kitatoka.

Ndugu wa kosa hilo ni kusahau kama kitoa nasibu unachotumia kinajumlisha namba ya mwisho au la. `random.randrange(80)` inatoa 0 hadi 79, lakini `random.randint(0, 80)` inaweza kutoa 80 yenyewe. Kura ya 80 haina mwenye chumba, kitanzi kinaisha na mchezaji anapata `None`, mara moja kwa wastani katika makasha 81. Hitilafu za aina hii huripotiwa na wachezaji kwa maneno "kasha langu lilikuwa tupu," na mtengenezaji akijaribu mara kumi anaona liko sawa.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na linatokana na kufikiri kwamba kila kitu kinahitaji kura yake:

```python
if random.random() < 0.625:   return "sarafu"
elif random.random() < 0.25:  return "dawa"
elif random.random() < 0.10:  return "ngao"
elif random.random() < 0.025: return "pete"
```

Ukiisoma haraka inaonekana ni sahihi, kwa kuwa asilimia zote ziko pale. Tatizo ni kwamba kura ya dawa haipigwi mpaka sarafu ishindwe. Sarafu inashindwa asilimia 37.5 ya mara zote, na robo ya hizo ni kama asilimia 9.4. Hapo ndipo dawa ilipofikia, badala ya 25. Ngao inabaki na asilimia 2.8 badala ya 10. Pete, iliyongoja mwisho wa foleni, inapata asilimia 0.63, robo tu ya ilichoahidiwa. Na karibu asilimia 25 ya makasha hayatoi kitu chochote. Dawa ya kosa hili ni kupiga kura moja, kuihifadhi, kisha kuilinganisha na mipaka ya vitu vyote.

Hata hivyo kuna mahali ambapo kura tofauti kwa kila kitu ndiyo sahihi. Kama adui anaweza kuangusha ngozi na jino na ufunguo kwa pamoja, kila kimoja kwa bahati yake, hizo ni kura tatu zisizotegemeana, na hazina `elif` kati yake. Kabla ya kuandika chochote muulize mbunifu: vitu hivi vinagombea nafasi moja, au kila kimoja kina nafasi yake?

Utajuaje kama msimbo wako uko sawa? Watu wengi hufungua makasha 200 na kuhesabu. Hayatoshi. Katika makasha 200 pete sahihi inatarajiwa kutoka mara 5, na ile iliyokatwa nusu mara 2 au 3, na bahati ya kawaida inaweza kuzichanganya kabisa. Ukifungua makasha 100,000 kwa programu, pete inatarajiwa kutoka mara 2,500, na mtawanyiko wake wa kawaida ni karibu 49. Ukipata kati ya 2,400 na 2,600 hakuna cha kutilia shaka. Ile ya `<=` italeta karibu 1,250, na hapo hakuna ubishi.

Lakini iko njia bora, na ndiyo sababu nimeitenga fankisheni ya `mwenye` na ile inayopiga kura. Ukanda una vyumba 80 tu. Mpe `mwenye` kila namba kuanzia 0 hadi 79, mara moja moja, kisha hesabu majibu. Lazima yawe 50, 20, 8 na 2 kamili. Hakuna bahati ndani ya jaribio hili, linaisha mara moja, na linakamata kosa la chumba kimoja. Hii pia ni sababu nzuri ya kutumia uzito wa namba kamili badala ya desimali: vyumba vinahesabika. Kama unatumia Python na huhitaji kuandika mwenyewe, `random.choices` inapokea `weights` na inafanya kazi hii vizuri.

Msimbo ukiwa sahihi, bado wachezaji watalalamika, na malalamiko yao yana msingi. Asilimia 2.5 haimaanishi kwamba pete itatoka ndani ya makasha 40. Uwezekano wa kuikosa mara 40 mfululizo ni 0.975 kwa kipeo cha 40, yaani karibu asilimia 36. Hata baada ya makasha 100, karibu asilimia 8 ya wachezaji watakuwa hawajaiona. Gemu ikiwa na wachezaji 10,000, hao ni watu 800 hivi, na wote wanaamini wamedhulumiwa.

Ndiyo maana gemu nyingi huweka kihesabuji cha huruma: ukikosa mara kadhaa mfululizo, kasha linalofuata lazima likupe. Tuseme kasha la 60 linatoa pete bila kura ikiwa 59 yaliyotangulia yameikosa, na kihesabuji kinarudi sifuri kila pete inapotoka. Hapo uwezekano halisi umebadilika. Wastani wa makasha hadi kupata pete unashuka kutoka 40 hadi 31 na kidogo, kwa hiyo kwa muda mrefu pete hutoka karibu asilimia 3.2 ya makasha yote, si 2.5.

Namba hizo zina uzito wa kisheria sasa. China ilianza kudai mwaka 2017 kwamba uwezekano wa makasha utangazwe, na mwishoni mwa mwaka huo Apple ikaweka sharti hilo kwa programu zinazouza makasha ya nasibu kwenye duka lake. Januari 2024 tume ya ushindani wa biashara ya Korea Kusini iliitoza kampuni ya Nexon faini ya won bilioni 11.6 kuhusu gemu ya MapleStory, ikisema uwezekano wa vitu vilivyouzwa ulipunguzwa bila wachezaji kuambiwa, na baadhi ya michanganyiko iliyotafutwa sana ilikuwa haiwezi kutoka kabisa. Kwa hiyo asilimia unayoitangaza isiandikwe kwa mkono kwenye ukurasa wa maelezo. Itolewe na programu kutoka kwenye jedwali lile lile la uzito linalotumiwa na seva, na kama kuna kihesabuji cha huruma, tangaza zote mbili: 2.5 ya kasha moja, na kasha la 60 ambalo halina kura.