“Nasubiri bili ya ULEZ”: bili hiyo haiji

Kazi yangu ni kuwasaidia madereva wanaozungumza Kiswahili hapa London wanapobanwa na faini za barabarani. Sentensi ninayoisikia kuliko zote, na inayonichosha kuliko zote, ni hii: “Dada, nilipita kwenye kamera, nasubiri waniletee bili nilipe pauni zangu kumi na mbili na nusu.”

Hawakuletei. Umeme na maji huletewa bili; ULEZ, ile tozo ya kila siku ya London kwa magari yenye moshi mchafu, haina bili. Barua ya kwanza utakayoipata ni notisi ya faini, ile PCN, na wakati huo pauni 12.50 haipokelewi tena hata uende nayo mkononi. Wajibu wa kujua kwamba gari lako linadaiwa, kwamba umeingia eneo la malipo, na kwamba unatakiwa kulipa, wote ni wako. Barabarani hakuna geti wala kibanda cha kulipia. Kuna bango la kijani, kuna kamera inayosoma namba ya gari, basi.

Muda wa kulipa unahesabiwa hivi. Unaweza kulipa kabla ya safari, siku yenyewe, au baadaye hadi saa sita usiku wa siku ya tatu baada ya safari. Siku ya ULEZ huanza saa sita usiku na kuisha saa sita usiku inayofuata, saa zote 24, siku zote za mwaka isipokuwa Krismasi tarehe 25 Desemba. Tangu 29 Agosti 2023 eneo hilo ni mitaa yote ya London kubwa, si katikati tu. Wembley imo, Barking imo, Croydon imo, Uxbridge imo.

Nichukue mfano wa mtu ambaye angeweza kuwa yeyote kati ya wanaonipigia simu. Anakaa Luton, nje ya London, ana gari la dizeli la mwaka 2013. Jumamosi alasiri anawapeleka watu wa nyumbani harusini Wembley. Watu wanakula, wanacheza, saa saba usiku wanaanza safari ya kurudi. Kichwani mwake amefanya safari moja. Kwa hesabu ya ULEZ ameendesha siku mbili: Jumamosi wakati wa kwenda, Jumapili wakati wa kurudi. Anadaiwa pauni 25. Ya Jumamosi mwisho wake ni saa sita usiku wa Jumanne, na ya Jumapili ni saa sita usiku wa Jumatano. Angekaa kitako Jumapili mchana na simu yake, mambo yangeishia hapo.

Yeye anasubiri bili. Zinatoka notisi mbili, moja kwa kila siku, kila moja pauni 180. Akilipa ndani ya siku 14 ni nusu, yaani 90 kwa 90, jumla 180. Akichelewa ni 360. Siku 28 zikipita bila malipo wala pingamizi, kila moja inapanda hadi 270, na sasa pauni 25 za harusi zimekuwa 540. Baada ya hapo deni husajiliwa mahakamani, na wanaofuata ni madalali wa mahakama, ambao nao wana ada zao juu ya deni.

Na hapa ndipo ninapopandisha sauti kwenye simu: wengi wanaofika hatua ya madalali hawakuiona hata barua moja. Walihama nyumba, wakabadilisha anwani benki, kwa daktari na shuleni kwa watoto, lakini si kwenye kadi ya gari, ile V5C. Notisi hutumwa kwa mwenye gari aliyesajiliwa, kwenye anwani iliyo DVLA, idara ya serikali inayosajili magari. Mpangaji aliyehamia nyumba yako ya zamani hana haja ya kukutafuta. Kubadilisha anwani hiyo ni bure na hufanyika mtandaoni, na kutoibadilisha ni kosa lenye faini yake peke yake, hadi pauni 1,000. Jambo hilohilo linamhusu anayemwazima shemeji gari: shemeji ndiye aliyeendesha, lakini notisi inakuja kwa jina lako na deni ni lako. Malizaneni wenyewe nyumbani.

Kama umeshapokea notisi, usiiweke juu ya friji. Una siku 28 za kupeleka pingamizi kwa TfL, mamlaka ya usafiri ya London, na wakikukatalia unaweza kwenda baraza la rufaa linaloitwa London Tribunals bila kulipa chochote. Lakini sababu zinazokubalika ni chache: ulikuwa umeshauza gari, gari liliibwa, mtu amebandika namba yako kwenye gari lake, ulikuwa umelipa, au gari lako halidaiwi kabisa. “Sikuliona bango” na “nilidhani mtaniandikia” hazimo. Kama notisi haikukufikia kabisa na umeshtukia amri ya mahakama, unaweza kutoa tamko la kisheria kueleza hivyo ndani ya siku 21 tangu amri hiyo. Likikubaliwa, deni linarudi kwenye hatua ya notisi. Ni tamko la kiapo, kwa hiyo liseme kweli tupu.

Ushauri wangu, na wanaonijua wameshauchoka: fungua Auto Pay kwenye tovuti ya TfL. Haina ada. Kamera ikikusoma, pesa inakatwa baadaye kwenye kadi yako, na notisi haitoki. Ila ina mitego miwili. Kadi ya benki ikiisha muda na usiibadilishe, akaunti inasimamishwa na faini zinaanza upya. Ukiuza gari bila kulifuta kwenye akaunti, utakuwa unamlipia aliyenunua kila anapoingia mjini. Tena, uingie kwa tovuti ya TfL yenyewe. Ukitafuta mtandaoni, matangazo ya juu huwa ni ya wapiga dili wanaokulipia kwa bei ya kuongeza, na wengine hawalipi kabisa.

Dhana ya pili nitaifupisha, ingawa ndiyo inayowaingiza watu kwenye ya kwanza: “Gari langu ni la karibuni, halidaiwi.” ULEZ haiangalii umri, inaangalia moshi. Gari la petroli linatakiwa lifikie kiwango cha Euro 4, na kwa kawaida yaliyosajiliwa tangu 2006 yanafikia. La dizeli linatakiwa Euro 6, na kwa kawaida ni yaliyosajiliwa baada ya Septemba 2015. Kwa hiyo Toyota ya petroli ya 2007 yenye mkwaruzo kila upande inapita bure, na gari zuri la Kijerumani la dizeli la 2014 linalipa kila siku. Nimeona watu wakinunua hilo la pili kwa sababu ni rahisi, bila kujiuliza kwa nini limekuwa rahisi. Kabla hujatoa hata pauni moja ya arbuni, ingiza namba ya gari kwenye kikaguzi cha TfL. Kama kikaguzi kinasema linadaiwa na wewe una shaka, tazama kwenye V5C panapoandikwa NOx: ikiwa ni gramu 0.08 kwa kilomita au chini yake, gari linafikia kiwango, na unaweza kuwatumia TfL ushahidi huo wakarekebisha.

“Nimeshalipa ya msongamano, kwa hiyo nimelipa yote.” Hapana. Ushuru wa msongamano ulianza Februari 2003 na ni wa katikati ya jiji tu, pale penye herufi C nyeupe kwenye duara jekundu. Hutozwa siku za kazi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na wikiendi na sikukuu kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Tangu 2 Januari 2026 ni pauni 18, au 21 ukilipa ndani ya siku tatu zinazofuata. Huo unalipia nafasi unayoijaza barabarani. ULEZ unalipia moshi. Mwenye dizeli ya zamani akiingia katikati ya jiji Jumatatu saa nne asubuhi analipa vyote viwili, pauni 30.50.

Kwa sababu hiyohiyo, wenye magari ya umeme wasidhani wamesamehewa kila kitu. ULEZ hawalipi. Msongamano wanalipa tangu mwanzo wa 2026, kwa punguzo la robo kama gari limesajiliwa Auto Pay, yaani pauni 13.50. Pikipiki ni kinyume chake: msongamano hailipi kamwe, lakini isiyofikia Euro 3 inalipa ULEZ.

Beji ya buluu ya mlemavu ndiyo inayoniumiza, maana wanaokosea hapa ni wazee na wagonjwa. Beji inasamehe ushuru wa msongamano kwa asilimia mia, lakini mpaka uisajili TfL kwa ada ya pauni 10 na kutaja magari, si zaidi ya mawili. Kuiweka kwenye dashibodi hakusaidii, kamera haiisomi. Na kwa ULEZ beji yenyewe haina kazi. Kinachosamehe huko ni gari kusajiliwa DVLA katika kundi la kodi la walemavu, na msamaha huo unakwisha 24 Oktoba 2027. Kwa hiyo angalia kundi la kodi kwenye V5C ya baba au mama, usiangalie beji.

Madereva wa teksi za kuitwa kwa simu: msamaha wenu wa msongamano uliondolewa Aprili 2019, umebaki kwa magari yanayopakia viti vya magurudumu. Wenye teksi nyeusi zenye leseni ya London wanasamehewa ULEZ, ninyi hapana. Magari ya kihistoria ya miaka zaidi ya 40 yamesamehewa ULEZ, mradi hayafanyi biashara.

Kuna pia wanaoniuliza kama namba yao witiri inawapa siku za bure. London haijawahi kuwa na mpango huo. Delhi ndiyo iliyoujaribu Januari 2016, namba witiri tarehe witiri na shufwa tarehe shufwa, na wanawake waliokuwa peke yao garini wakasamehewa. Wengine wananiambia ungekuwa wa haki zaidi kwa maskini. Tazameni Mexico City, ambako tangu 1989 tarakimu ya mwisho ya namba huamua siku ya kuliacha gari nyumbani: waliojiweza walinunua gari la pili lenye namba tofauti, mara nyingi kuukuu na lenye moshi zaidi.

Na wanaopeleka mizigo Birmingham: kule kuna eneo lao tangu Juni 2021, pauni 8 kwa gari dogo, na hulipwa kwenye tovuti ya serikali ya gov.uk hadi siku sita baada ya safari. Auto Pay ya London haifiki huko, na bili huko pia hakuna.