Mfuko wa vipande na mfuko wa sokoni: elfu hamsini ya kila mwezi ipelekwe wapi?

Mifuko yote miwili ni kapu la fedha za watu wengi. Meneja hulitumia kununua hisa au hatifungani, na kila mwekezaji humiliki sehemu yake. Tofauti ni nani anayekuuzia sehemu hiyo, na kwa bei ya nani.

Kwenye mfuko wa vipande, kama Umoja wa UTT AMIS ya Tanzania ulioanza 2005, muuzaji ni mfuko wenyewe. Mali zote za mfuko huthaminiwa, madeni yakatolewa, kiasi kinachobaki kikagawanywa kwa idadi ya vipande. Hiyo ndiyo thamani halisi ya kipande, na bei yako hutokana nayo. Ukitaka kutoka, mfuko wenyewe hununua vipande vyako, na fedha hufika baada ya siku kadhaa za kazi.

Mfuko wa sokoni, ambao wengi huuita i-ti-efu, umeorodheshwa kwenye soko la hisa. Unafungua akaunti ya hisa, unampa dalali oda, naye anakutafutia mtu anayeuza. Thamani halisi ya kipande ipo, lakini hakuna anayelazimika kukuuzia kwa thamani hiyo. Katika masoko makubwa, taasisi maalumu huruhusiwa kuleta kapu la hisa kwa mfuko na kupewa vipande vipya, au kurudisha vipande na kupewa hisa. Bei ikipanda kupita thamani, huleta hisa, huuza vipande na kuchuma tofauti, mpaka bei irudi mahali pake. Soko likiwa dogo, kazi hiyo huenda isiwe na faida ya kumvuta mtu, na bei hubaki pembeni.

Ada za usimamizi za mfuko wa sokoni kwa kawaida ni ndogo, na hicho ndicho kivutio chake. Tuseme ni asilimia 0.6 kwa mwaka dhidi ya asilimia 2 za mfuko wa vipande. Anayesoma namba hizo mbili pekee ameshaamua. Mimi ningemwomba apige hesabu nyingine kwanza. (Namba hizi ni za mfano. Weka za mfuko wako.)

Una shilingi 50,000 na thamani halisi ya kipande ni 1,000 kwenye mifuko yote miwili. Mfuko wa vipande hautozi ada ya kuingia, kwa hiyo unapata vipande 50. Sokoni, anayeuza anataka 1,030 na anayenunua anatoa 985. Dalali na tozo nyingine huchukua asilimia 2. Unapata vipande 47 kwa shilingi 49,378, na chenji ya 622 inasubiri mwezi ujao kwa sababu kipande hakikatwi. Vipande hivyo vina thamani ya 47,000. Umeshapoteza 2,378 kabla hata mwezi haujaisha.

Ukiviuza kwa 985 na kulipa tena asilimia 2, unabaki na 45,369. Yaani kuingia na kutoka kumekula kama asilimia 8, wakati mfuko wa vipande unaotoza asilimia 1 wakati wa kutoka ungekula shilingi 500. Pengo hilo la asilimia 7, likizibwa na nafuu ya ada ya asilimia 1.4 kwa mwaka, linahitaji miaka mitano na ushei. Na hiyo ni kwa kila mchango peke yake: fedha uliyoweka mwaka jana saa yake ilianza mwaka jana.

Wengine hushauri kukusanya miezi sita ununue kwa mkupuo. Hilo husaidia pale dalali anapotoza kiwango cha chini kisichopungua, mfano shilingi 5,000 kwa kila oda. Kama kamisheni ni asilimia tupu, mkupuo hauipunguzi hata kidogo. Kinachopunguza hasara ni kuweka oda yenye bei yako mwenyewe, tuseme 1,005, na kukubali kwamba huenda usipate muuzaji wiki hiyo.

Kabla ya kuingia, tazama vipande vingapi vimeuzwa ndani ya siku 20 za soko, kisha linganisha bei za anayeuza na anayenunua na thamani inayotangazwa na meneja. Kwa mfuko wa dhahabu uitwao NewGold, ulioorodheshwa Nairobi mwaka 2017, kipimo ni chepesi: kipande kimoja kilitengenezwa kiwe karibu sehemu moja ya mia ya aunsi ya dhahabu, pungufu kidogo kwa ajili ya ada. Chukua bei ya aunsi duniani, igawanye kwa mia, ibadilishe kuwa shilingi za Kenya. Muuzaji akitaka zaidi ya hapo kwa mbali, unalipia uhaba wa wauzaji.

Jambo moja huvuruga ulinganisho wote: watu hupambanisha mfuko wa vipande wa hatifungani na mfuko wa sokoni wa hisa, kisha wanasema huu umeushinda ule. Hapo zimeshindana hisa na hatifungani. Linganisha mifuko inayoshika mali za aina moja.

Kwa elfu hamsini ya kila mwezi, kwenye soko lenye pengo kati ya bei ya anayeuza na ya anayenunua kama la mfano wetu, mimi ningebaki kwenye vipande. Pengo likishuka hadi shilingi tano au kumi kwa kila elfu, na dalali akiwa hatozi kiwango cha chini, ningepiga hesabu upya.